Orodha ya asubuhi jikoni: uipange kwa meza, kwa umri wa chakula, au kwa saa ya wateja kujaa?

Hoteli ninayopika iko Kirumba, jijini Mwanza, mwendo mfupi kwa miguu kutoka soko la samaki la Mwaloni. Zamu ya asubuhi tuko watatu. Mimi nashika meza ya samaki. Mama mmoja mtu mzima anashika sufuria zote, yaani wali, ugali, maharage na mboga. Kijana wa tatu yuko meza ya kukaangia, na pamoja na chipsi amepewa kachumbari. Tunaingia saa 1 asubuhi, chakula cha mchana kinafunguliwa saa 6, na wateja wanajaa kuanzia saa 6 na nusu mpaka saa 8. Ijumaa ya kawaida tunatoa sahani kama 90, na 40 kati ya hizo ni sato mzima wa kukaanga. Vyombo vya moto ni jiko la gesi lenye mafiga manne na majiko mawili ya mkaa. Sinki ni moja.

Kila asubuhi kabla moto haujawashwa, karatasi ya kazi inabandikwa ukutani. Mwenye kuiandika ana njia tatu za kuipanga, na nimefanya kazi chini ya zote tatu. Anaweza kugawa kazi kwa meza, kila mtu na zake. Anaweza kufuata umri wa chakula, kinachokaa muda mrefu kikatangulia na kinachoharibika haraka kikaja mwisho. Au anaweza kuhesabu kurudi nyuma kutoka saa ya wateja kujaa. Nitazipima zote kwa Ijumaa hiyo hiyo na vyakula hivyo hivyo, ili tofauti ionekane kwenye sufuria.

Kwa meza

Hii ndiyo nimeikuta katika majiko mengi niliyopita, na ina faida ya kweli. Kila mtu anasimama mahali pamoja, kisu chake na ubao wake havizunguki. Anayepasua matumbo ya samaki hagusi nyanya zitakazoliwa mbichi. Kwa sababu hiyo peke yake singependa kuona jiko linalochanganya watu na meza kila dakika, hasa jiko la samaki.

Lakini orodha ya namna hii haioni vitu vinavyotumiwa na watu wote, na kwetu vitu hivyo ni sinki na moto. Karatasi ya meza ya samaki inasema “safisha sato 40”. Karatasi ya sufuria inasema “osha mchicha”. Hakuna iliyoandika kwamba kazi zote mbili zinataka sinki saa 2. Sato mmoja, kuparua magamba, kutoa matumbo na mashavu, kuchanja na kusuuza, unanichukua dakika 3 mkono ukiwa umechangamka, kwa hiyo sato 40 ni saa 2 nzima. Mchicha unaoshwa maji matatu kwa sababu ya mchanga. Wawili wakikutana hapo, mmoja anasubiri, au, vibaya zaidi, majani yanaoshwa kwenye sinki lenye magamba.

Kasoro ya pili iliniumiza siku moja katika jiko nililokuwa nikilisimamia mimi mwenyewe. Kijana wa chipsi alimaliza viazi vyake saa 4, akaja kwangu kwa heshima: “Kaka, mimi nimemaliza, nianze kachumbari?” Kwenye karatasi yake kachumbari ndiyo iliyofuata, nami nikamjibu aendelee. Akakata nyanya na vitunguu, akatia chumvi na ndimu, akafunika. Saa 7 bakuli lilikuwa limejaa maji mekundu, nyanya zimelegea, vitunguu vimepoteza mkato. Chumvi huvuta maji kutoka ndani ya nyanya, na ilikuwa imepewa saa 3 za kufanya hivyo. Kijana hakukosea kitu. Karatasi ilimwambia nini kinafuata, haikumwambia kisianze kabla ya saa ngapi. Orodha ya meza humfanya mtu mwenye bidii aanze mapema mno, kwa sababu kusimama bila kazi mbele ya wenzake kunamtia aibu.

Kwa umri wa chakula

Njia hii inauliza swali moja kwa kila kitu: kikishakuwa tayari, kitakaa muda gani kikiwa bado kizuri? Karanga zilizokaangwa na kusagwa hukaa siku kadhaa. Pilipili ya kusaga iliyochemshwa na siki, vilevile, ikiwa kwenye friji. Maharage yakishaungwa hukaa mchana kutwa yakiwa ya moto. Wali ndani ya hotpoti unavumilia saa 2 au 3 kabla ya kukauka juu. Mchicha ukishapikwa una nusu saa hivi, baada ya hapo rangi ya kijani inafifia na kuwa ya majani makavu. Ugali ukikaa dakika 40 umeota ngozi. Kwa hiyo unaanza na karanga unamaliza na ugali.

Kwa mpishi aliye peke yake, mama lishe mwenye majiko mawili na sufuria nne, naamini hii ndiyo njia ya kuanzia. Inapunguza kutupa. Inamlazimisha afungue friji kwanza na kutazama kilichobaki jana kabla hajawasha moto. Na umeme ukikatika usiku, tayari ana mazoea ya kuuliza nini kitangulie kutumika.

Ugumu wake ni kwamba neno “umri” linaficha mambo mawili. Sato akiwa ametolewa matumbo, amelazwa katika barafu iliyoingizwa mpaka tumboni, na maji ya kuyeyuka yanatoka chini ya boksi, anakaa siku kadhaa bila kuharibika. Sato huyo huyo akishapakwa chumvi na ndimu ana saa moja, si zaidi. Ndimu huanza kuipika nyama kabla ya moto: inageuka nyeupe kama maziwa, na kwenye mafuta inamomonyoka kando ya mikato. Basi sato ana umri gani? Mwenye kuandika “sato” kwenye mstari mmoja lazima akosee upande mmoja. Akimweka mwanzo kwa sababu barafu ipo, mtu atamsafisha na kumtia ndimu kwa mkupuo. Akimweka mwisho kwa sababu ya ndimu, saa 2 za kuparua magamba zitaangukia saa 5.

Kuna la pili. Ukiipanga siku nzima kwa umri tu, vyote vyenye umri mfupi vinasukumwa mahali pamoja, nusu saa kabla ya mlango kufunguliwa. Saa 5 na nusu mtu mmoja anatakiwa awe anasonga ugali, anakata nyanya, anakaanga mchicha, anatia samaki chumvi na kupakua wali. Jiko la watu watatu linaweza kulibeba hilo kwa siku tulivu. Ijumaa haliwezi.

Kwa saa ya wateja kujaa

Hapa unaandika kwanza saa 6 na nusu chini kabisa ya karatasi, kisha unapanda. Kila kazi inapewa saa yake ya mwisho ya kuanza. Ukipitisha saa hiyo, mteja atasubiri.

Hesabu ya sato ndiyo iliyonifundisha uzito wa njia hii. Karai letu linachukua sato wanne, nao wanataka kama dakika 10 mpaka mwiba wa mgongo uachane na nyama. Ni sato 24 kwa saa moja. Kati ya saa 6 na nusu na saa 8 karai linaweza kutoa 36 tu, na sisi tunauza 40. Hata mkono wangu ungekuwa mwepesi kiasi gani, karai haliongezeki. Maana yake moto wa sato unawashwa mapema, na saa 6 kamili wanne wa kwanza wako ndani ya mafuta, ili saa 6 na nusu sato 12 wawe wametoka. Chumvi na ndimu kwa hao 12 ni saa 5 na nusu. Wanaofuata wanapakwa kwa mafungu ya 12, wengine wote wanabaki kwenye barafu. Orodha ya meza isingenionyesha hili, wala orodha ya umri.

Maharage yalinishangaza zaidi. Yamelowekwa tangu usiku, yanachemka saa moja na nusu, kuunga dakika 30, jumla saa 2. Ukitazama mlango unaofunguliwa saa 6, saa ya mwisho kuyabandika ingekuwa saa 4. Lakini mafiga manne ya gesi mchana yameshikwa: karai la samaki, karai la chipsi, mchuzi wa sangara, mboga. Ugali na wali vinategemea majiko mawili ya mkaa. Wali wa kwanza unataka dakika 45 na uwe tayari saa 6, hivyo unabandikwa saa 5 na robo, na jiko hilo la mkaa lazima liwe tupu na makaa yameongezwa kufikia saa 5. Saa ya mwisho ya maharage imehama kutoka saa 4 hadi saa 3, na kilichoihamisha ni wali. Mama wa sufuria huyabandika saa 1 na nusu kabisa. Yeye amezijua sufuria hizi kuliko karatasi yoyote.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba imesimama juu ya kukisia. Ukikisia sahani 90 wakaja watu 50, una wali unaopoa. Dawa ninayoiamini ni kukisia mafungu badala ya jumla. Sufuria ya kwanza ya wali ni nusu ya mahitaji. Ya pili inaoshwa na kupimwa mchele, lakini haibandikwi mpaka saa 6 na nusu, baada ya kuona mlango.

Na mwenye kukisia lazima aijue Mwanza, si jiko tu. Ijumaa tunapata wimbi la pili la wateja wakitoka msikitini, na kwetu linafika kama saa 7 na nusu. Mpishi aliyetoka Dar es Salaam alitupangia wimbi hilo mapema mno wiki yake ya kwanza. Saa ya ukutani ni moja kwa nchi nzima, lakini jua linafika utosini Mwanza kama dakika 25 baada ya Dar, na adhuhuri inafuata jua. Wali wake wa pili uliiva wakati watu bado wako kwenye swala. Siku ya mechi uwanja wa CCM Kirumba ni habari nyingine: watu hula mapema, wanataka chipsi na mishikaki ya kubeba, na sato mzima anauzika kidogo.

Njia hii pia inavunjika mzigo ukichelewa. Mvua ikinyesha asubuhi na samaki wakafika saa 3 badala ya saa 1 na nusu, saa zote za meza yangu zimekufa. Siku hiyo usijaribu kuifukuza karatasi. Mtu wa pili anakuja kuparua magamba, na chipsi zinapunguzwa.

Zikiwekwa bega kwa bega

| Kazi | Kwa meza | Kwa umri | Kwa saa ya kujaa |
|---|---|---|---|
| Maharage | Mama akipata nafasi | Mapema, yanakaa | Kabla ya saa 3, wali unataka moto |
| Kusafisha sato | Saa 1 na nusu, wakifika | Haijulikani, mstari mmoja hautoshi | Saa 2 hadi 4, baada ya mchicha kuondoka sinki |
| Chumvi na ndimu | Pamoja na kusafisha | Mwisho kabisa | Saa 5 na nusu, 12 kwa 12 |
| Nyanya za kachumbari | Chipsi zikiisha | Mwisho kabisa | Saa 6 kasoro robo, kisha kila nusu saa |
| Wali wa pili | Haujaandikwa | Haujaandikwa | Saa 6 na nusu, mlango ukithibitisha |

Ukisoma mistari ya sato na kachumbari utaona jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko kuchagua njia. Matatizo yote mawili yalitokana na kuandika jina la chakula badala ya kazi. Kila chakula kina mahali ambapo mkono wa mpishi unabadilisha umri wake, na mstari unapaswa kukatwa hapo hapo. Kwa sato ni chumvi na ndimu. Kwa mchicha ni kisu: ukichambuliwa na kuoshwa mzima unangoja asubuhi yote chini ya kitambaa chenye unyevu, ukishakatwa unanyauka. Kwa kachumbari ni chumvi, na nyanya ikishakatwa. Vitunguu vyenyewe vinaweza kukatwa saa 4, vikasuuzwa kwa maji ya chumvi na kukamuliwa, vikangoja peke yao. Kwa mchuzi wa sangara ni kipande kinapoingia: rojo ya vitunguu na nyanya unaipika saa 4 bila hofu, lakini minofu inaingia dakika 15 kabla ya kupakuliwa, la sivyo inavunjikavunjika.

Chipsi nazo zimekatwa mara tatu kwenye karatasi yetu. Viazi vilivyomenywa na kukatwa vinakaa kwenye maji, maana hewani vinageuka rangi. Kaango la kwanza ni moto wa wastani, mpaka kiazi kilainike bila kupata rangi, na hilo linafanyika kati ya saa 4 na saa 5. La pili ni moto mkali oda ikishafika, dakika 2 au 3. Kuna sababu nyingine ya saa 4 ambayo haihusu umri wala wateja. Karai la samaki bado limepumzika, na kijana anaweza kutumia makarai yote mawili kwa mafuta safi. Sato wakishaingia kwenye karai, lile si la chipsi tena mpaka mafuta yabadilishwe, kwa sababu harufu haitoki.

Nichague ipi?

Ukiwa peke yako, au wawili mnaosaidiana kila kitu, fuata umri wa chakula, ila ukate mistari kama nilivyoeleza. Saa ya kujaa iandike juu kama ukumbusho tu. Huna watu wa kugawana meza, na hasara yako kubwa ni chakula kinachotupwa.

Mkiwa watatu au wanne na wateja wanakuja kwa kishindo, andika kwa saa. Sisi tunatumia karatasi moja yenye safu tatu za watu, na mbele ya kila kazi kuna saa mbili: isianze kabla ya, na isianze baada ya. Umri wa chakula unatoa saa ya kwanza, wateja na moto wanatoa ya pili. Kazi zenye saa mbili zilizo karibu ndizo ninazozipigia mstari chini. Ijumaa hiyo ni nne tu: chumvi ya sato, wali wa kwanza, nyanya, ugali. Nyingine zote zina nafasi ya kusogea, na kijana akimaliza mapema anaelekezwa kwenye kazi ambayo saa yake ya kwanza imeshapita, kama kukata vitunguu au kusaga karanga za kesho.

Jiko kubwa lenye watu sita na zaidi, kama yale ya hoteli za kulala wageni kule Capri Point, haliwezi kuendeshwa kwa karatasi moja. Pale kila meza iwe na yake, lakini awepo mtu mmoja anayeshika ratiba ya vitu vya wote: nani ana sinki, nani ana moto gani, na saa ngapi anauachia. Bila mtu huyo, meza zitagombana.

Kwa usalama, njia yoyote utakayochagua ina mipaka isiyosogezwa na orodha. Chakula kilichopikwa kinangoja kikiwa cha moto, nyuzi 60 au zaidi, si vuguvugu. Kwa macho, mvuke lazima uonekane ukifunua. Wali uliobaki unatandazwa kwenye sinia pana upoe haraka, uingie kwenye friji, uliwe kesho yake baada ya kupashwa mpaka utoe mvuke. Kuuacha ndani ya sufuria mpaka jioni ni hatari, kwa sababu kuna vijidudu vinavyostahimili kuchemshwa ambavyo huzaliana wali unapopoa polepole, na sumu ya baadhi yao haiondoki kwa kupasha.

Ukitaka kujua kama mpangilio wako unafaa, usingoje malalamiko ya wateja. Simama mlangoni mwa jiko saa 6 kamili na utazame mikono. Kwetu, saa hiyo kisu pekee kinachotembea kinapaswa kuwa cha nyanya. Nikiona mtu bado anachambua mchicha au anamenya viazi, kuna mstari ulioanza baada ya saa yake ya pili, nami nautafuta kwenye karatasi na kuusogeza juu nusu saa kwa ajili ya kesho. Nikiona bakuli la kachumbari limefunikwa tayari na mchicha umelala kwenye sufuria, tulianza mapema, na saa ya kwanza ya mistari hiyo inashuka. Karatasi ya Ijumaa iliyopo ukutani sasa imeshafutwafutwa hivyo mara nyingi, na mstari wa juu kabisa ni ule mama aliouongeza mwenyewe kwa kalamu nyekundu: maharage ya Jumamosi, yalowekwe leo kabla ya kufunga.